"Nilimwona kama yule mlinzi"

Maelezo yalikuwa ya kurasa nne, yameandikwa kwa Kiswahili kutoka kwenye kinasa sauti, na yalitakiwa yawe kwa Kiingereza kabla ya mwisho wa wiki. Shahidi ni mama wa makamo kutoka kijiji cha Pwani ya Tanzania. Kesi ni ya madai, na ilikuwa inasikilizwa London. Nimebadilisha kila kitu kinachoweza kumtambulisha yeye au kesi yake, lakini namna alivyozungumza nimeiacha. Kipande kilichonikalisha siku nzima ni hiki:

"Ilikuwa usiku wa Ijumaa, kama saa saba. Nikasikia mlango... mlango wa uani. Nikachungulia. Nikaona watu, sijui watatu, sijui wanne. Mmoja ana tochi. Yule wa tochi nilimwona kama yule mlinzi wa getini, lakini... usoni sikumwona vizuri. Alivyotembea ndipo nikasema, huyu ni yeye. Eti walikuwa wametumwa."

Miaka ya nyuma, nilipokuwa mgeni katika kazi hii, ningekitafsiri kwa namna ambayo ukiirudisha kwa Kiswahili ingesomeka hivi: "Usiku wa Ijumaa, saa saba, nilisikia mlango wa uani ukifunguliwa. Nilichungulia nikaona wanaume wanne, mmoja wao akiwa na tochi. Nilimtambua kuwa ni mlinzi wa getini. Walikuwa wametumwa." Inasomeka vizuri, na wakili mwenye haraka angeipokea kwa furaha. Lakini mama hakusema mlango ulifunguliwa. Hakusema wanaume. Hakusema wanne. Hakusema alimtambua mtu kwa sura, na hilo la kutumwa alilisikia tu. Ushahidi huo ungekuwa wangu, na mimi usiku ule sikuwepo.

Niliwahi kufanya kosa la aina hii. Katika maelezo ya shahidi mwingine nilidondosha neno "kama", kwa sababu sentensi ya Kiingereza ilinoga zaidi bila hilo neno. Siku ya kuhojiwa, shahidi alisema mbele ya jaji kile kile alichosema tangu mwanzo: "Nilimwona kama yeye." Wakili wa upande wa pili akainua karatasi yangu, akamuuliza kwa nini leo ana shaka wakati kwenye maelezo aliyoyatia saini hakuwa nayo. Yule mzee hakuelewa anaulizwa nini. Hakuwa amebadilisha neno hata moja. Jioni niliambiwa kwa simu, na tangu siku hiyo neno "kama" silipiti bila kusimama.

Tulitazame kwa karibu. "Nilimwona kama yule mlinzi" lina njia mbili. Inaweza kuwa "machoni pangu alionekana ni yule mlinzi", na inaweza kuwa "niliona mtu anayefanana na yule mlinzi". La kwanza liko karibu zaidi na utambuzi kuliko la pili. Katika Kiswahili msemaji halazimiki kuchagua, na huenda mwenyewe hakuchagua. Mfasiri akipata neno la Kiingereza linalobeba shaka ile ile, aliweke, na chini ya ukurasa aeleze kwamba asili ina maana mbili. Asilolipata asilibuni.

Na shaka hiyo ina kazi mahakamani. Katika mashauri ya jinai hapa Tanzania, tangu hukumu ya Rufani ya Waziri Amani ya mwaka 1980, ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho hupimwa kwa mambo kama umbali, mwanga, muda ambao shahidi alimtazama mtu huyo, na kama alikuwa akimfahamu kabla. Soma tena maneno ya mama. Mwanga ni tochi, tena iko mkononi mwa huyo huyo anayetazamwa. Uso hakuuona vizuri. Mwendo aliujua. Jaji yeyote anaweza kuupima ushahidi wa namna hiyo, akauamini au akaukataa. Ukiandika "nilimtambua", unamnyima jaji kipimo, na unamnyima mama utetezi wake mzuri kuliko wote, kwamba alisema ukweli pamoja na mipaka yake.

"Sijui watatu, sijui wanne" ni mtego wa upande mwingine. Mwenye kufuata neno kwa neno ataandika kwamba shahidi hajui. Kila aliyelelewa kwa Kiswahili anajua kwamba hapo "sijui" inakadiria: walikuwa watatu au wanne, wala si kumi. Kwa hiyo uaminifu hautoki katika kuhesabu maneno. Kinachotakiwa ni kiasi kile kile cha uhakika, kisizidi wala kisipungue. Mama huyu ana uhakika kwamba walikuwa zaidi ya wawili, na maneno yake yanasema hivyo.

Halafu kuna jinsia. "Watu" ni rahisi. Lakini mbele kidogo anasema "akanishika mkono", na Kiingereza hakina nafasi ya "a-" yetu. Kinataka kujua kama ni mwanamume au mwanamke. Watafsiri wengi huandika mwanamume bila hata kufikiri, kwa kuwa ni usiku na kuna tochi. Mimi huandika "mtu huyo" na kurudia tena na tena, hata kama ukurasa unachosha. Na huo "mkono" nao: kwetu huanzia begani ukaishia vidoleni, wakati Kiingereza kina neno la kiganja na neno la sehemu iliyobaki. Kama ripoti ya daktari inataja michubuko juu ya kiwiko na tafsiri inataja kiganja, shahidi ataonekana mwongo kwa kosa lisilo lake.

"Eti" ni neno dogo ambalo watu hulifuta kwa kudhani ni la mtaani. Kisheria ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko yote katika kipande kile. Kanuni za mahakama za madai za Uingereza zinataka maelezo yaonyeshe lipi shahidi analijua mwenyewe na lipi ameambiwa au analiamini tu, pamoja na chanzo chake. Mama, bila kufundishwa na mtu, alilitenga la kusikia kwa herufi tatu. Ukizifuta, umemfanya adai kwamba anajua nani aliwatuma.

Tatizo hili limewahi kuandikwa kwa kina katika hukumu iliyosomwa hapa kwetu. Tarehe 2 Septemba 1998, mjini Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa komuni ya Taba. Mashahidi wengi walikuwa wamehojiwa na wapelelezi kwa Kinyarwanda, na waliposimama mahakamani utetezi ulionyesha tofauti kati ya kauli zao na maelezo ya awali. Majaji waliandika kwamba mbele yao hawakuwa na mahojiano yenyewe. Walikuwa na tafsiri tu, na hawakuweza kujua maswali yaliulizwaje wala kama yalikalimaniwa sawasawa. Kwa sababu hiyo na nyingine, maelezo hayo hawakuyapa uzito sawa na ushahidi wa kiapo.

Walimsikiliza pia mwanaisimu, Dakta Mathias Ruzindana, akiwafafanulia maneno kama inyenzi, ibyitso na yale yaliyotumika kwa ubakaji. Alieleza pia kwamba katika utamaduni wa masimulizi mtu anaweza kusimulia jambo kana kwamba aliliona, hata kama alisimuliwa. Majaji walibaini kwamba mashahidi, wakiulizwa waziwazi, walitenganisha bila shida walichokiona na walichokisikia. Ndiyo maana nasema Kiswahili kimetupa zawadi kwa "eti", na mfasiri anaitupa.

Maneno ya aibu nayo yana njia yake. Katika mashauri ya Kenya, mtoto aliyedhulumiwa mara nyingi husema "alinifanyia tabia mbaya". Kuandika "alinibaka" ni kumpa mtoto neno la sheria ambalo hakulitamka. Kuandika kwa Kiingereza kwamba mtu huyo alikosa adabu ni kuufanya uchungu wake uonekane mzaha. Weka maneno yake, kisha kwenye tanbihi eleza kwamba ni tafsida inayotumika kwa vitendo vya ngono. Alichotendewa hasa ataulizwa na mwenye mamlaka ya kumuuliza.

Kwa kazi ile ya London utaratibu ulikuwa upande wangu. Tangu Aprili 2020, mwongozo wa mahakama za madai kule unataka maelezo yaandikwe kwa lugha ya shahidi mwenyewe na, inapowezekana, kwa maneno yake. Ya asili huwasilishwa pamoja na tafsiri, na mfasiri huthibitisha kwa saini kwamba tafsiri ni sahihi. Yaani jaji anayo yote mawili, na yeyote anayejua Kiswahili anaweza kunishika.

Nilisikiliza sauti kwanza nikiwa na maandishi mkononi, na hapo niligundua kwamba aliyeyaandika alikuwa ameondoa kimya cha kitambo baada ya "lakini". Nilimwambia wakili, akarekebisha asili kabla sijagusa tafsiri. Nambari za aya sikuzibadilisha. Panapokatika sentensi niliikata. Neno lililofutwa na kuandikwa upya nililionyesha kwamba lilifutwa. Yangu yote yalikuwa ndani ya mabano ya mraba, ili lisichanganyike hata moja na ya shahidi. Si kila "yaani" nililoliingiza. Likiwa ni la kuvuta pumzi tu niliacha, na nikasema hivyo kwenye uthibitisho. Lakini kusita kunakokuja mbele ya jina, idadi, saa au sura ya mtu hakukubaki bila kuandikwa.

Likabaki "usiku wa Ijumaa, kama saa saba". Saa ilikuwa nyepesi: niliacha saba yake, na katika mabano nikaandika kwamba kwa saa za Kiingereza ni saa moja baada ya usiku wa manane. Siku ndiyo iliyonishika. Kwa wazee wengi wa Pwani siku huanza jua linapozama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa yenyewe. Kwa wengine ni ule unaoifuata. Kati ya usiku hizo mbili kuna saa 24 kamili, na nilijua kwamba upande wa pili una daftari la zamu za walinzi.

Sikumpigia mama simu. Kumuuliza shahidi si kazi ya mfasiri. Nilitafsiri maneno kama yalivyo, nikaandika tanbihi yenye maana zote mbili, na nikamwandikia wakili barua fupi. Wiki mbili baadaye yakaja maelezo ya nyongeza, nusu ukurasa, nayo nikayatafsiri. Aliulizwa usiku gani hasa. Akajibu: "Ule wa kuamkia Ijumaa. Asubuhi yake ndiyo watu walikwenda kuswali Ijumaa... nadhani. Ndiyo, asubuhi yake."

Niliandika "nadhani", nikaacha nukta zake tatu, kisha nikaandika "ndiyo".