Barua pepe ya kumwomba msanii wimbo wake

Wimbo uliorekodiwa studio huwa na haki za aina mbili, na kikundi kinachotaka kuuweka kwenye video yake kinapaswa kuziomba zote. Kuna haki ya utunzi, yaani maneno na melodi, ambayo huanza mikononi mwa mtunzi. Kisha kuna haki ya rekodi yenyewe, ile sauti iliyotoka studio, ambayo inaweza kuwa ya msanii, ya prodyuza au ya lebo, kutegemea nani aligharamia kazi na walikubaliana nini. Tanzania Bara haki hizi zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Zanzibar wapo COSOZA, na Kenya ipo KECOBO. Ulinzi huo haungoji usajili, kwa hiyo hata msanii chipukizi ambaye hajawahi kufika ofisi yoyote ya hakimiliki ni mwenye mali.

Vikundi vingi huamini kwamba kutaja jina la msanii kunatosha. Hakutoshi. Kutajwa kama mwenye kazi ni haki ya mtunzi kisheria, apewe fedha au asipewe. Anayeahidi kumtaja, basi, anaahidi kutimiza wajibu, na ruhusa bado hana. Kwa msanii wa mtaani ahadi hiyo ina thamani yake, kwa sababu video ya kijiji humpelekea wasikilizaji wapya, lakini lazima isemwe kwa undani, na iwe sehemu ya ombi badala ya kuwa ombi lote.

Uchukuliwe mfano wa kikundi cha wakazi wa Pangani, mkoani Tanga, kinachopanda mikoko kandokando ya mto. Kimetengeneza video ya dakika 6, na kinataka sekunde 90 za wimbo wa msanii wa hapohapo. Barua pepe yake inaweza kuwa hivi:

"Yah: Ombi la kutumia sekunde 90 za wimbo wako kwenye video ya mikoko, Pangani

Habari za kazi, kaka. Sisi ni kikundi cha wakazi wa Pangani tunaopanda mikoko kandokando ya mto. Tumetengeneza video ya dakika 6 kuhusu kazi hiyo, na tunaomba ruhusa ya kutumia kipande cha wimbo wako, kuanzia sekunde ya 45 hadi dakika ya 2 na sekunde 15. Hatutabadilisha maneno wala mdundo, ila sauti itashushwa pale mzee mmoja anapozungumza. Video itaonyeshwa kwenye mkutano wa kijiji, itawekwa kwenye chaneli yetu ya YouTube na itatumwa WhatsApp. Haina mdhamini, haitatumika kwenye kampeni wala matangazo ya biashara, na kikundi hakitaingiza fedha kutokana nayo.

Jina lako na la wimbo yatatokea mwisho wa video kwa sekunde 5, na tena kwenye mstari wa kwanza wa maelezo ya video, pamoja na kiungo cha chaneli yako. Tuandikie unavyotaka lisomeke. Je, utunzi na rekodi ni vyako peke yako, au kuna prodyuza, mtunzi mwenza au lebo ambaye tumwombe pia? Kama unahitaji malipo, tuambie kiasi. Mkutano ni tarehe 28, hivyo tungeshukuru kupata jibu kufikia tarehe 20."

Kila sentensi hapo inazuia ugomvi fulani wa baadaye. Kutaja kipande kwa sekunde kunamwezesha msanii kusikiliza na kujua ni vesi gani inayoombwa, maana huenda yupo tayari kutoa kiitikio lakini vesi ya pili ina maneno asiyotaka yawekwe juu ya picha za wazee wa kijiji. Sentensi ya kampeni ina uzito kuliko inavyoonekana. Msanii akisikika kwenye video yenye nembo ya chama au ya kampuni, watu humhesabu upande huo, na hilo linaweza kumpotezea kazi nyingine. Kama video ina mdhamini, ni lazima atajwe kwenye ombi, hata kama nembo yake inaonekana kwa muda mfupi tu.

Swali la nani mwingine ana haki ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo linaloleta hasara. Msanii anaweza kukubali kwa moyo mweupe ilhali biti ni ya prodyuza, au mkataba wa lebo haumruhusu kutoa wimbo. Ruhusa yake peke yake haifungi mikono ya hao wengine. Akijibu kwamba prodyuza anahusika, barua hiyohiyo hutumwa kwake, na jibu lake huhifadhiwa pamoja na la msanii.

Kuhusu fedha, ni bora kuandika kwamba kikundi hakitaingiza mapato kuliko kuahidi kwamba hakutakuwa na matangazo. YouTube inaweza kuweka matangazo hata kwenye video za chaneli ambayo haijaomba kulipwa, na kikundi hakiwezi kuahidi jambo ambalo hakina mamlaka nalo.

Msanii asipojibu, kimya chake si ruhusa. Baada ya wiki moja hukumbushwa mara moja, kwa barua au kwa simu ya meneja. Akikubali kwa simu, kikundi kinamwandikia papo hapo kile alichokubali na kumwomba athibitishe. Neno "sawa" chini ya maandishi hayo linatosha, kwa sababu masharti yote yapo juu yake. Tatizo huja pale "sawa" inapotolewa kwa ombi la mstari mmoja, maana hapo hakuna ajuaye kama msanii alikubali mkutano wa kijiji peke yake au mtandao mzima. Matumizi mapya, kwa mfano kituo cha televisheni kuiomba video, yanahitaji ombi jipya.

Hata ruhusa ikiwa kamili, YouTube haiijui. Wasanii wengi husambaza nyimbo kupitia kampuni za usambazaji, na nyingi kati ya hizo huziingiza kwenye mfumo wa Content ID, unaolinganisha sauti ya kila video inayopakiwa na rekodi zilizosajiliwa. Video ya Pangani inaweza kupata dai siku ileile, msanii mwenyewe akiwa hana habari. Dai la namna hii si adhabu kwa chaneli. Mara nyingi huelekeza mapato ya matangazo kwa mwenye rekodi, au huzuia video isionekane. Hatua ya ukaguzi wakati wa kupakia huonyesha dai kabla video haijatoka hadharani, kwa hiyo inafaa kuipakia siku kadhaa kabla ya mkutano.

Dai likitokea, kikundi kinampelekea msanii kiungo cha video, naye anaiomba kampuni yake ya usambazaji iliondoe. Njia ya pili ni kupinga dai ndani ya YouTube na kueleza kuwa kuna ruhusa ya maandishi. Mdai ana siku 30 za kujibu, na asipojibu dai huondoka. Njia ya kwanza ni nyepesi zaidi, na ndiyo sababu inafaa kuongeza sentensi moja kwenye barua ya kwanza: kumwuliza msanii anasambaza kupitia kampuni gani, na kama atakuwa tayari kuwaandikia iwapo dai litajitokeza.