"Imetumwa" Siyo "Imepokelewa"



Hapa Rusizi tumezoea kutuma fedha kwa *182#. Ukibonyeza namba ya siri, fedha inaingia moja kwa moja kwa mwenzako, hata akiwa amelala. Lakini wachuuzi wanaoagiza mali kutoka China hukutana na utaratibu mwingine. Kule watu hulipana ndani ya WeChat, programu ya simu ya kuandikiana ujumbe, ambayo ilianza kupokea malipo mwaka 2013.

Tuchukue mfano. Wachuuzi watano wa Kamembe wamechanga fedha za viatu, na wakala wao aliyeko Guangzhou anataka kumlipa mwenye duka yuani 2,000. Anafungua mazungumzo yake na mwenye duka, anabonyeza alama ya kujumlisha, anachagua kutuma fedha, anaandika kiasi, kisha anaweka namba yake ya siri. Papo hapo fedha inakatwa kwake, na kadi yenye kiasi hicho inatokea katikati ya mazungumzo kama ujumbe mwingine wowote.

Hapo malipo hayajakamilika. Fedha imetoka kwa wakala lakini haijafika kwa mwenye duka. Inashikiliwa na kampuni. Mwenye duka lazima aiguse kadi, asome kiasi, halafu abonyeze kukubali. Akikubali, fedha inaingia katika akaunti yake na kadi ya pili inatokea ikionyesha kwamba imepokelewa. Asiporidhika na kiasi, anaweza kuirudisha. Akinyamaza kwa saa 24, fedha inarudi yenyewe.

Inarudi kwa nani? Hapa ndipo tuwe macho, ndugu. Inarudi kwa aliyeituma, yaani wakala, si kwa wachuuzi waliochanga. Wakala asiye mwaminifu anaweza kupiga picha kadi ya kwanza, akaileta Kamembe kama ushahidi, huku amekwisha kupatana na mpokeaji asiikubali. Kesho yake yuani 2,000 ziko mfukoni mwake tena, na viatu havijafungwa. Picha ile si ya kughushi. Kadi ilikuwapo kweli, ila haikukubaliwa.

Kwa hiyo msiridhike na picha ya kadi ya kwanza. Daini ya kadi ya pili, tena mwenye duka mwenyewe awaandikie kwamba amepokea, kwa kuwa picha yoyote yaweza kuchezewa.

Jambo la mwisho ni hili: fedha ikitumwa kwa mtu asiyehusika, kuna nafasi ya kuokoka maadamu hajabonyeza. Mwandikieni upesi airudishe, au asiiguse mpaka saa 24 zipite. Akishakubali, fedha ni yake mkononi, na aliyetuma hawezi kuivuta tena. Inabaki kumwomba au kumshitaki.