Barua ya Kuulizia Fedha: Uchambuzi wa Matini Fupi

Makala haya yanachambua matini ambayo wengi wetu huiandika ovyo: barua pepe kwa mkurugenzi wa masomo ya uzamivu wa idara fulani, ya kuulizia fedha kabla ya kuomba nafasi. Tuchukue mhitimu wa Dar es Salaam anayetaka kusomea fasihi ya Kiafrika Marekani, katika idara inayofundisha Kiswahili.

Wengi huandika: "Naomba kujua kama mnatoa ufadhili." Adabu ipo, lakini swali halishikiki. Neno "ufadhili" limebeba vitu vitatu: msamaha wa ada, posho na bima ya afya. Mkurugenzi atajibu "soma tovuti yetu", basi, mazungumzo yamekwisha.

Sasa tutazame barua nyingine, ambayo hapa naiweka kwa Kiswahili:

"Nimesoma kwamba baadhi ya wanafunzi wenu hufundisha Kiswahili kama wasaidizi. Je, mwanafunzi mpya huahidiwa miaka mingapi, au kazi hugawanywa upya kila mwaka? Posho ni ya miezi 9 au 12? Ada ikishasamehewa, ni malipo gani ninayobaki nayo mwenyewe? Na je, ombi la nafasi linatosha, au kazi hii ina fomu na tarehe yake?"

Mwandishi huyu amesoma kwanza, ndiyo maana anauliza yale tu ambayo tovuti haikuyasema. Swali la miezi si la uroho. Mwenye viza ya F-1 huruhusiwa kufanya kazi chuoni saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, na nje ya chuo hawezi kufanya kazi bila kibali. Posho ikikatika likizo ya kiangazi, hana pa kukimbilia kirahisi.

Swali la malipo ndilo zito zaidi. Kabla ya kutoa fomu ya I-20, ambayo bila hiyo hakuna viza ya F-1, chuo hudai uthibitisho wa fedha za mwaka wa kwanza. Tuseme, ada ikishasamehewa, chuo kinakadiria gharama zilizobaki kuwa dola 30,000, nawe umeahidiwa posho ya 24,000. Zile 6,000 utazionyesha wewe, kwa taarifa ya benki au barua ya mdhamini. Ukizigundua umeshakubaliwa, mambo huwa magumu, bwana.

Jibu nalo lahitaji msomaji makini. "Kwa kawaida wanafunzi wetu hupata kazi" ni maelezo ya mazoea, si ahadi. "Tunakuhakikishia miaka 5 iwapo maendeleo yako ni mazuri" ni ahadi yenye sharti, na hapo inafaa kuuliza maendeleo mazuri hupimwaje. Hata hivyo, barua pepe ya mkurugenzi haimfungi mtu. Kinachotegemewa ni barua rasmi ya kukubaliwa, yenye kiasi, muda na kazi utakayofanya. Ikifika, ilinganishe na majibu uliyopewa, mstari kwa mstari. Palipo na tofauti, uliza kabla ya kutia sahihi.