Sanduku la Huduma ya Kwanza kwa Mbwa: Vitu vya Kununua na Vitu vya Kuacha Dukani

Katika kata ya Issuna, wilayani Ikungi, mkoani Singida, mbwa hulinda nyumba usiku na huandamana na wachungaji wa ng'ombe na mbuzi mchana. Kazi hiyo humpatia majeraha yanayofanana mwaka hadi mwaka: mwiba uliozama wayoni, mchaniko wa seng'enge, kipande cha chupa, au jino la mbwa mwenzake. Daktari wa mifugo hayupo jirani kila saa, na mara nyingi mwenye mbwa hulazimika kusubiri au kusafiri kwa barabara kuu kuelekea Ikungi au Singida mjini. Sanduku la huduma ya kwanza ni kwa ajili ya saa hizo za kusubiri. Kazi yake ni tatu tu: kuzuia damu, kusafisha kidonda, na kukifunika mpaka mtaalamu akione. Sanduku hilo halikusudiwi kutibu ugonjwa, na kwa sababu hiyo halihitaji kidonge hata kimoja.

Vitu vinavyostahili kununuliwa

Karibu vitu vyote vinavyohitajika hupatikana katika duka la dawa za binadamu, kwa kuwa kitambaa safi na bendeji hazibadiliki kwa sababu ya mgonjwa. Si lazima kutafuta bidhaa iliyochorwa picha ya mbwa.

Cha kwanza ni glavu za mpira, jozi mbili au tatu. Glavu hizo humkinga binadamu zaidi ya mbwa, kwa sababu kichaa cha mbwa huambukizwa kwa mate yaingiayo katika mchubuko au kidonda. Cha pili ni kitambaa cha shashi, ambacho wauzaji wengi hukiita gozi, kikiwa katika pakiti ndogo zilizofungwa kila moja peke yake. Pamba inunuliwe pia, lakini isiwekwe juu ya kidonda kibichi, kwa kuwa nyuzi zake hunasa katika nyama. Mahali pake ni juu ya shashi, au kati ya vidole.

Bendeji za kuviringisha ziwe nne, zenye upana wa sentimita 5 hadi 7.5. Pamoja nazo, nunua plasta ya kunata, mkasi wenye ncha butu, kibano cha kutolea miiba, na kipimajoto cha betri. Kipimajoto cha kioo chenye zebaki hakifai, kwa kuwa mnyama anayejipinda huweza kukivunja. Mbwa hupimwa joto njia ya haja kubwa, kipimajoto kikiwa kimepakwa mafuta ya mgando. Mbwa mzima aliyepumzika huwa na nyuzi 38 hadi 39.2 za Selsiasi, joto ambalo kwa binadamu lingekuwa homa. Likifika nyuzi 40, usisubiri kesho.

Dawa pekee inayostahili kuwamo ni ya kusafishia kidonda, nayo ni maji ya ayodini ya kahawia, yaitwayo povidoni ayodini, yenye nguvu ya asilimia 10. Hayapakwi yakiwa makali kama yalivyo chupani. Kijiko kimoja cha chai hutiwa katika kikombe cha robo lita ya maji safi, mpaka rangi ifanane na chai nyepesi isiyo na maziwa. Spiriti, mafuta ya taa, maji ya betri, oili chafu ya gari na dawa ya kusafishia sakafu viachwe kabisa. Vitu hivyo huunguza nyama mpya inayoota, na mbwa akijilamba huvimeza.

Jinsi ya kukagua kabla ya kulipa

Pakiti ya shashi iliyochanika au iliyowahi kulowa si safi tena, hata kama tarehe yake haijapita. Ishike mkononi uitazame pande zote. Chupa ya ayodini iwe na kizibo ambacho hakijafunguliwa, na lebo yake ioneshe jina la dawa, nguvu yake, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda na jina la mtengenezaji. Kataa dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda au kufungwa katika karatasi isiyo na maandishi. Dai risiti, kwani bila risiti huna ushahidi wa kurudisha bidhaa mbovu. Ukitilia shaka dawa au kifaa tiba, toa taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ukiwa umehifadhi chupa au pakiti yenyewe.

Mfano: mbwa aliyekatwa na chupa

Tuchukue mbwa wa kilo 15 anayerudi nyumbani akichechemea, damu ikitoka chini ya wayo wa mbele. Mtu mmoja amshike, wa pili avae glavu. Mbwa mpole naye huuma anapoumia, kwa hiyo kipande cha bendeji chenye urefu wa mita moja hivi kizungushwe puani, kifungwe chini ya kidevu, kisha nyuma ya masikio. Usimfunge mdomo mbwa anayetapika au anayehema kwa shida, na umfungue mara kazi inapokwisha, kwa kuwa mbwa hupoza mwili kwa kuhema.

Weka shashi iliyokunjwa juu ya jeraha, uikandamize kwa dakika 5 kamili bila kuinua ili kuchungulia. Kila unapoinua, damu iliyoanza kuganda hung'oka na kazi huanza upya. Shashi ikilowa, ongeza nyingine juu yake. Usikaze kamba mguuni ili kuzuia damu ya jeraha dogo kama hili, kwa sababu mguu unaokosa damu huoza.

Damu ikitulia, osha kidonda kwa maji ya chumvi: kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Yatengenezwe siku hiyohiyo, na yatakayobaki yamwagwe. Yamimine kwa wingi, ili yabebe mchanga. Kipande cha chupa kinachoonekana na kulegea kitolewe kwa kibano, lakini kilichozama ndani kiachwe, kwa kuwa huenda ndicho kinachoziba mshipa. Kisha pitisha ayodini iliyochanganywa na maji.

Funika kidonda kwa shashi mpya, weka pamba kidogo kati ya vidole, halafu viringisha bendeji kuanzia vidoleni kupanda juu. Acha kucha mbili za katikati zionekane. Kucha hizo ndizo kipimo chako: zikianza kuachana, vidole vikivimba au kuwa baridi, bendeji imekaza mno na ifunguliwe mara moja. Bendeji iliyofungwa vizuri hupitisha vidole viwili vya mkono kwa juu. Ibadilishwe kila siku, na kila mara ikilowa.

Mpeleke mbwa kwa mtaalamu ikiwa damu haikusimama baada ya dakika 15 za kukandamiza, nyama imepanuka kiasi cha kuhitaji kushonwa, kidonda kinanuka au kutoa usaha, au mbwa hakanyagi kabisa kesho yake. Jeraha la kuumwa na mbwa mwingine lipelekwe hata kama ni tundu dogo, kwa sababu jino huingiza uchafu mahali ambapo maji hayafiki, na kwa sababu ya hofu ya kichaa.

Dawa zisizopaswa kuwamo sandukuni

Wenye mbwa wengi humhurumia mnyama anayelia usiku, wakampa kidonge cha maumivu kilichopo nyumbani. Ini na figo za mbwa hazishughulikii dawa hizo kama za binadamu. Ibuprofeni na diklofenaki huchubua tumbo mpaka litoe damu, na huharibu figo. Kidonge kimoja cha ibuprofeni cha miligramu 400, kikigawanywa kwa kilo 15 za mbwa wetu, ni takriban miligramu 27 kwa kila kilo. Kiasi hicho chatosha kuumiza tumbo lake. Dalili ni kutapika, kukosa hamu ya chakula, na kinyesi cheusi kama lami. Parasetamo, ambayo wengi huiita panado, nayo huweza kuharibu ini la mbwa. Kuvunja kidonge vipande viwili si suluhisho, kwa sababu kipimo cha salama hukadiriwa na daktari wa mifugo peke yake.

Dawa za ng'ombe nazo ziwekwe mbali. Dawa ya kuogeshea na sindano ya minyoo zimepimwa kwa mnyama wa mamia ya kilo, na tone lililozidi kwa ng'ombe si kitu, lakini kwa mbwa ni sumu. Mbwa akila sumu ya panya au ya kupulizia mazao, usimnyweshe chumvi ili atapike, kwani chumvi nyingi nayo huua. Maziwa na mafuta ya kula si dawa ya sumu. Chukua pakiti ya sumu yenyewe, umpigie mtaalamu, umsomee kilichoandikwa.

Jambo jingine lisilotibiwa kwa sanduku ni mbwa aliyebadilika tabia, anayetoka mate bila kukoma au kushindwa kumeza. Usifungue kinywa chake kutafuta mfupa. Jitenge naye, watenge watoto, na utoe taarifa kwa afisa mifugo. Mtu aliyeumwa au kulambwa kidondani aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mahali pa kuweka na karatasi ya ndani

Sanduku liwe la plastiki lenye kifuniko kinachobana, ili vumbi lisiingie. Lisitundikwe karibu na bati, kwa maana dawa nyingi huandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30 za Selsiasi, na chini ya bati mchana joto huzidi hapo. Chumba cha ndani kilicho na kivuli chafaa zaidi, mahali ambapo mtoto hafiki.

Ndani ya kifuniko bandika karatasi yenye namba ya simu ya afisa mifugo wa kata na ya daktari wa mifugo, tarehe ya chanjo ya kichaa ya mwisho, na uzito wa mbwa. Uzito hupatikana kwa mizani ya kawaida: panda ukiwa umembeba, kisha peke yako, utoe. Ikiwa mizani ilionesha kilo 77 na wewe una kilo 62, mbwa ana kilo 15. Daktari atakuuliza namba hiyo kwanza. Kadi ya chanjo ikae humo pia. Kila baada ya miezi 6 fungua sanduku, soma tarehe za kuisha muda, na urudishie kilichotumika.