Jino la Mbele Likivunjika, Kitafuteni Kipande

Tuseme mtoto wa miaka 9 ameanguka na baiskeli hapa Nkuhungu, na jino lake la mbele la ukubwani limekatika nusu. Kitafuteni kipande. Kiwekeni kwenye maji safi au maziwa kisikauke, mkampeleke kwa daktari wa meno siku hiyo hiyo. Kisipoonekana, mwambieni daktari, kwani huenda kimeingia ndani ya mdomo uliochanika au, hasa mtoto akikohoa, kwenye njia ya hewa.

Daktari huosha jino na kutazama lilipokatika. Akiona rangi ya manjano tu, kiini hakijafunuka. Kitone chekundu kinachotoa damu ndicho kiini, nyama iliyo hai. Katika umri huo mzizi haujakomaa, na unakihitaji kiini hicho ili ukue. Kwa hiyo, baada ya sindano ya ganzi, daktari huondoa kama milimita 2 za juu tu, hukandamiza kwa pamba yenye maji ya chumvi mpaka damu ikome, kisha hufunika kwa dawa ya kalsiamu. Damu isipokoma, huondoa kidogo zaidi.

Ndipo kipande na jino hupakwa asidi, huoshwa, na kugandishwa pamoja kwa kompositi inayokazwa kwa taa ya bluu.

Mtoto asing'ate muwa wala mahindi ya kuchoma kwa jino hilo. Mrudisheni baada ya wiki 6 hadi 8, kisha miezi 3, miezi 6 na mwaka. Jino likigeuka kijivu au fizi ikitoa usaha, msingoje tarehe.