Fahamu: Figo zilizoumia ghafla ziko hatua ya ngapi?

Swali: Mvuvi wa Bunda, kilo 60, amelazwa Musoma kwa kuhara. Kreatinini imepanda ndani ya siku tano kutoka mikromoli 80 hadi 184 kwa lita. Kwa saa 24 amekojoa mililita 360. Yuko hatua gani?

Jibu: 184 ÷ 80 = 2.3. Mwongozo wa KDIGO wa 2012 huita mara 2.0 hadi 2.9 hatua ya pili, na wengi huishia hapo. Mkojo je? 360 ÷ 24 ÷ 60 = 0.25. Chini ya mililita 0.3 kwa kilo kwa saa, kwa saa 24, ni hatua ya tatu. Huchukuliwa iliyo mbaya zaidi: ya tatu. Kreatinini huchelewa kupanda. Ila kwanza hakikisha mpira wa mkojo haujaziba.