Mpigo wa Umeme na Pembe Halisi ya Servo

Servo ndogo ya bluu aina ya SG90, inayotumika sana katika roboti za kujifunzia, ina nyaya tatu: wa kahawia ni wa hasi, mwekundu ni wa chanya wa volti 5, na wa rangi ya chungwa hupokea amri. Amri yenyewe ni mpigo mfupi wa umeme unaorudiwa kila baada ya milisekunde 20. Urefu wa mpigo ndio unaobeba ujumbe. Mpigo wa mikrosekunde 1500 huupeleka mkono wa servo karibu na katikati. Ukifupishwa mkono huenda upande mmoja, ukirefushwa huenda upande wa pili. Ndani ya servo kuna potenshiomita iliyounganishwa na ekseli, na saketi hulinganisha usomaji wake na urefu wa mpigo, kisha huizungusha mota mpaka viwili hivyo vilingane.

Kwenye servo hii, kosa la mikrosekunde kumi tu hukaribia nyuzi moja. Ndiyo maana haifai kuutengeneza mpigo kwa kuiambia programu iwashe pini, isubiri, kisha izime. Kazi nyingine ikiikatiza programu katikati ya kusubiri, mpigo hurefuka na mkono hutetemeka. Kazi hiyo ni ya taima, sehemu ya mikrokontrola inayohesabu yenyewe bila kujali programu inafanya nini.

Bodi ya Arduino Uno hutumia chipu ya ATmega328P yenye kasi ya megahezi 16. Kasi hiyo ikigawanywa kwa 8, Timer1 huhesabu mara milioni mbili kwa sekunde, yaani kila hatua ni nusu ya mikrosekunde. Milisekunde 20 basi ni hatua 40000, na mikrosekunde 1500 ni hatua 3000. Kwa kuwa hesabu huanzia sifuri, kila namba hupunguzwa moja:

```
DDRB |= (1 << PB1);
OCR1A = 2999;
TCCR1A = (1 << COM1A1) | (1 << WGM11);
TCCR1B = (1 << WGM13) | (1 << WGM12) | (1 << CS11);
ICR1 = 39999;
```

Mpigo hutoka kwenye pini namba 9. Katika hali hii, thamani mpya ya `OCR1A` haianzi kazi mpaka mzunguko unaofuata, kwa hiyo kubadilisha pembe hakuwezi kuukata mpigo ulio njiani. Umeme wa mota ni bora utoke kwenye chanzo chake chenyewe, huku hasi yake ikiunganishwa na hasi ya bodi. Bila muunganisho huo ishara haina cha kupimwa nacho, na servo hurukaruka ovyo.

Hapo ndipo swali gumu linapoanza: mpigo fulani unaleta pembe gani hasa? Maktaba ya Servo ya Arduino huchukulia kwamba mikrosekunde 544 ni nyuzi 0 na 2400 ni nyuzi 180. Hayo ni makadirio. Servo mbili za aina moja zinaweza kutofautiana.

Upimaji huanza kwa kufunga kijiti chembamba kwenye mkono na kubandika kipimapembe chini yake, kitovu chake kikiwa sawasawa na ekseli. Kutoka 1500, mpigo hupunguzwa mikrosekunde 10 kwa wakati mmoja. Mkono ukiacha kusogea huku servo ikinguruma mfululizo, umefika kwenye kizuizi cha gia. Ukiachwa hapo, mota hupata moto na meno ya plastiki yanaweza kukatika. Tuseme hilo limetokea kwenye 560. Mpigo hurudishwa mpaka 600, na kijiti kinaonyesha nyuzi 5. Upande wa pili, mpaka salama unapatikana kwenye 2400, na kijiti kinaonyesha 176. Mikrosekunde 1800 zimeleta nyuzi 171, yaani takribani 10.5 kwa kila nyuzi.

```
void weka(int pembe) {
  if (pembe < 5) pembe = 5;
  if (pembe > 176) pembe = 176;
  long us = 600 + (pembe - 5) * 1800L / 171;
  OCR1A = 2 * us - 1;
}
```

Herufi `L` baada ya 1800 ni ya lazima. Kwenye chipu hii namba ya kawaida huishia 32767, na zao la nyuzi 20 tu kwa 1800 tayari limepita hapo. Bila `L` mkono huruka mahali pasipotarajiwa.

Kwa servo hiyo, nyuzi 90 zinahitaji takribani mikrosekunde 1494. Maktaba ingetuma 1472, na mkono ungesimama karibu na 88. Ikiombwa nyuzi 0, ingetuma 544 na kuusukuma mkono kwenye kizuizi.

Hesabu hii inadhani uhusiano ni mstari ulionyooka, hivyo katikati nako hupimwa. Kosa likizidi nyuzi mbili au tatu, ni afadhali kutumia mistari miwili inayokutana katikati. Kila kipimo huchukuliwa mara mbili, mkono ukifika kutoka kushoto na kisha kutoka kulia. Tofauti kati ya masomo hayo ni ulegevu wa gia, pamoja na ukanda mdogo ambao saketi ya servo hauishughulikii, na hakuna namba katika programu inayoweza kuuondoa. Mkono ukichomolewa na kurudishwa jino moja pembeni, pembe zote husogea kwa kiasi kilekile, na vipimo vya 5 na 176 huchukuliwa upya.